Jina Linaporudi Nyumbani: Majina na Misemo katika Peponi, Tafsiri ya Riwaya ya Abdulrazak Gurnah

1.0 Utangulizi

Mijadala ya tafsiri ya riwaya kwa Kiswahili imezoea kufuata safari ya upande mmoja. Kazi iliyozaliwa kwingine huletwa kwa msomaji wa Kiswahili, na mhakiki huuliza ni kiasi gani cha ugeni wake kimehifadhiwa na kiasi gani kimepotea njiani. Ndivyo zilivyosomwa Shujaa Okonkwo ya Achebe, iliyotafsiriwa na Clement Ndulute mwaka 1973, na Wema Hawajazaliwa ya Armah, iliyotafsiriwa na Abdilatif Abdalla mwaka 1976. Mfasiri wa kazi hizo alikabiliwa na majina ya Kiibo na ya Kiakan ambayo msomaji wake hakuyajua, na swali lake kubwa lilikuwa namna ya kuyafanya yaeleweke bila kuyaua.

Mwaka 2022 ilitoka Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah iitwayo Paradise, ambayo ilichapishwa kwa Kiingereza mwaka 1994. Mchapishaji wa tafsiri ni Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam. Hapa safari imegeuka. Wahusika wa riwaya ni watu wa pwani na bara ya Tanganyika katika miaka ya kabla ya vita vya 1914. Wengi wao huzungumza Kiswahili, na matini ya Kiingereza tangu mwanzo ni kama tafsiri ya mazungumzo ambayo asili yake ya Kiswahili haikuandikwa kamwe. Majina na baadhi ya misemo yaliachwa humo kwa Kiswahili na Kiarabu, yakasimama katikati ya sentensi za Kiingereza kama wageni waliokaa barazani. Tafsiri inawaingiza ndani.

Ni rahisi kudhani kwamba kurudi huko ni faida tupu. Makala haya yanachunguza majina na misemo michache ili kuonyesha kwamba sivyo. Jina lililokuwa fumbo katika Kiingereza linapokuwa wazi katika Kiswahili, uwazi huo nao huficha kitu, na aghalabu humficha msomaji yule yule anayejiona yuko nyumbani. Lengo si kupima kila uamuzi wa mfasiri, bali kutazama kile ambacho lugha yenyewe humlazimisha mfasiri yeyote kukichagua.

2.0 Anwani

Jina la kwanza linalobadilika ni la kitabu chenyewe. Neno la Kiingereza lina asili ya Kiajemi cha kale, na maana yake ya awali ni bustani iliyozungushiwa ukuta. Ukuta huo ni muhimu katika riwaya. Nyuma ya duka la tajiri Aziz kuna bustani yenye maji na miti ya matunda, imefungwa kwa ukuta, na Yusuf, kijana ambaye ndiye mhusika mkuu, anaitamani tangu siku ya kwanza. Baadaye anatambua kwamba uzuri wake unatunzwa na Mzee Hamdani, mtumwa aliyekataa uhuru alipopewa, na kwamba wanawake waliomo ndani hawana njia ya kutoka. Katika anwani ya Kiingereza, pepo na kizuizi ni neno moja.

Kiswahili kina neno ambalo lingeuhifadhi ukuta huo. Firdausi imetuingilia kwa njia ya Kiarabu kutoka shina lile lile la Kiajemi. Lakini kwa Mwislamu firdausi ni daraja ya juu kabisa ya pepo, na kwa msomaji asiye Mwislamu si neno la kila siku. Anwani ingekuwa ya kitaalamu mno. Mfasiri amechukua pepo, akaongeza kiambishi cha mahali. Ukuta umetoweka. Badala yake yamekuja mambo mawili ambayo Kiingereza hakikuwa nayo. Kwanza, Peponi si wazo tena bali ni mahali ambapo mtu yupo, anakwenda au anatoka, na kiambishi hicho hakisemi lipi kati ya hayo matatu. Riwaya ya kijana anayesafirishwa daima bila kuulizwa inafaidika na utata huo. Pili, neno pepo linabeba ujirani wake na pepo wale wengine, wapandao kichwani na kupungwa. Msomaji wa pwani hawezi kulisoma bila kuusikia ujirani huo, hata kama atautupa mara moja. Katika nyumba ya Aziz kuna mwanamke mgonjwa ambaye anaamini kwamba mkono wa kijana mzuri utamponya. Kwake, anwani ya Kiswahili inasema zaidi ya ile ya Kiingereza.

3.0 Aziz: jina moja, wasomaji watatu

Kisa chote kinategemea mfanano wa riwaya na kisa cha Nabii Yusuf kama kilivyo katika sura ya 12 ya Kurani. Yusuf wa riwaya ana miaka 12 anapochukuliwa na Aziz kwa sababu ya deni la baba yake. Anakua, anakuwa mzuri wa sura, na mke wa Aziz anamtaka. Anapokimbia, shati lake linachanwa kwa nyuma. Katika Kurani, kanzu iliyochanwa kwa nyuma ndiyo ushahidi wa kutokuwa na hatia kwake, kwani aliyekimbia ndiye hushikwa mgongoni.

Sasa litazamwe jina la mwenye nyumba. Msomaji wa Kiingereza asiyeujua Uislamu huliona Aziz kuwa ni jina la Kiislamu tu. Kama amesoma fasihi ya Kiingereza, huenda likamkumbusha daktari wa riwaya ya Forster ya mwaka 1924, jambo lisilomsaidia chochote. Msomaji Mwislamu wa Kiswahili anajua kwamba Al-Aziz ndicho cheo anachopewa katika sura hiyo yule mkubwa wa Misri ambaye mkewe alimtamani Yusuf. Kwake, riwaya imekwisha kutabiriwa katika kurasa za mwanzo. Na mke wa tajiri, ambaye kwa sehemu kubwa ya riwaya hutajwa kwa cheo chake tu, anapojulikana kuwa ni Zulekha, msomaji huyo hupata uthibitisho: Kurani haikumtaja mwanamke kwa jina, lakini wafasiri wa Kurani na watunzi, pamoja na mapokeo ya Utendi wa Yusufu katika Kiswahili, wanamwita hivyo.

Wapo, hata hivyo, wasomaji wa Kiswahili wa aina ya tatu, na idadi yao si ndogo. Ni wale waliokijua kisa hiki kwa njia ya Biblia. Kwao kijana ni Yusufu, bwana wake ni Potifa, na mke wa Potifa hana jina. Katika Mwanzo, tena, vazi halichanwi kwa nyuma. Linabaki mkononi mwa mwanamke na kugeuzwa kuwa ushahidi wa uongo dhidi ya kijana. Msomaji huyu ataona mfanano wa jumla, lakini jina Aziz halitamwambia lolote juu ya Potifa, na shati lililochanwa mgongoni litakuwa shati tu. Anasoma katika lugha yake mwenyewe, hakuna neno hata moja lililo geni kwake, na bado amekosa ufunguo wa tukio kuu. Hatari yake inazidi ile ya msomaji wa Kiingereza kwa sababu moja: msomaji wa Kiingereza anajua kwamba yumo ugenini na huenda akauliza.

Kuna tabaka jingine ambalo Kiswahili kinaliongeza. Azizi ni neno la kawaida la lugha yetu, lenye maana ya kitu cha thamani, kipenzi. Kabla msomaji hajaijua nafasi ya tajiri, masikio yake yamekwisha kusikia mapenzi katika jina, kama anavyosikia Yusuf mdogo ambaye hupewa sarafu ya anna kumi kila mgeni anapoondoka. Sarafu hiyo inakumbusha zile dirhamu chache ambazo Kurani inasema Yusuf aliuzwa kwazo. Jina tamu, sarafu na bei vinakaa pamoja, na Kiingereza hakina namna ya kuusikia utamu huo.

Anayelitambua jina hutarajia pia kile kinachofuata katika kisa: gereza, kufasiri ndoto, na hatimaye utukufu. Gurnah anamnyima. Aziz wa riwaya anamwamini kijana, kama Al-Aziz alivyomwamini wa kwanza, lakini mwishowe Yusuf anakimbilia msafara wa askari wa Kijerumani. Pigo la mwisho huo linampata barabara yule tu aliyekuwa akingojea utukufu.

4.0 Ami, mjomba, seyyid

Yusuf anamwita tajiri kwa neno la Kiingereza linalotumika kwa ndugu wa baba na ndugu wa mama bila kubagua. Kiswahili hakina neno la namna hiyo. Mfasiri lazima aamue, na kila uamuzi ni dai juu ya familia. Mjomba humuunganisha tajiri na upande wa mama, upande wa utani na upole, ambao mtoto hukimbilia anapogombezwa. Ami humuweka upande wa baba, karibu na mamlaka ya baba, na humfanya awe na haki ya kumchukua mtoto bila maelezo mengi. Kwa kuwa aliyeweka rehani ni baba, ami huubana uongo mahali ulipoanzia. Mjomba huufanya uwe usaliti wa aina nyingine. Katika Kiingereza swali hili halipo, na hakuna msomaji wa Kiingereza atakayehisi kwamba limeachwa.

Ugumu unaongezeka pale Khalil, kijana wa dukani aliyemtangulia Yusuf katika hali ile ile, anapomkemea kwamba huyo si ndugu yake. Katika Kiingereza kemeo hilo ni ufunuo. Kwa desturi ya Waswahili, mtoto humwita ami au mjomba mtu mzima yeyote anayestahili heshima, na hakuna anayedhani kwamba ni damu. Msomaji anaweza kulipitia kemeo la Khalil kana kwamba ni ubishi wa adabu. Tafsiri inahitaji kumsaidia mapema, kwa kuonyesha kwamba mtoto huyu ameamini undugu wa kweli. La sivyo, sentensi inayoipindua dunia ya Yusuf itapita kimya.

Khalil mwenyewe anamwita tajiri seyyid, na anamtaka Yusuf afanye hivyo. Kwa msomaji wa Kiingereza neno hilo ni sawa na bwana, lenye manukato ya mashariki. Kwa msomaji wa Zanzibar au Lamu, seyyid ni cheo cha mtu wa nasaba ya Mtume au cha ukoo wa kifalme wa Busaidi. Kumpa mfanyabiashara anayefuga watoto wa wadeni wake ni kumpandisha mno, na aidha ni unyenyekevu wa kuchusha au ni kejeli ambayo Khalil hathubutu kuikiri. Lakini neno hilo lina kazi ya tatu. Katika aya ya 25 ya sura ya Yusuf, mume wa mwanamke anayekutwa mlangoni hutajwa kwa Kiarabu kuwa ni sayyid wake. Khalil, ambaye Kiarabu ndicho lugha yake ya kwanza, huenda analisikia zaidi ya Yusuf. Hapa ndipo penye hasara ambayo haizibiki kwa urahisi. Matini ya Kiingereza, kwa kuwa lugha zote ni za kutafsiriwa, inaweza kumwambia msomaji nani anasema Kiarabu na nani hakielewi, na msomaji akaziona lugha mbili zikiwa na umbali sawa naye. Katika Kiswahili, lugha moja kati ya hizo imekuwa hewa isiyoonekana, na nyingine imejaa humo humo kama mkopo wa kawaida. Mpaka kati ya Khalil na Yusuf unafifia.

5.0 Kifaurongo, rehani, washenzi

Khalil anamtania Yusuf kwa kumwita kifa urongo. Neno limeachwa katika Kiingereza, na msomaji hubaki na picha ya kijana mzembe aliye nusu mfu. Mswahili anajua kwamba kifaurongo ni kidudu ambacho kikiguswa hujifanya kimekufa, na pia ni mmea ambao majani yake hujikunja ukiguswa. Neno lenyewe linasema: kinachokufa kwa uongo. Hapo utani unageuka. Kidudu hicho hakifi. Kinamngoja adui aondoke. Ukimya wa Yusuf, ambao baadhi ya wahakiki wamemlaumu kwao kwamba ni mhusika asiyetenda, unapata jina katika kinywa cha mtu anayeishi kwa mbinu iyo hiyo. Hii ni faida halisi ya Kiswahili, na tafsiri haihitaji kufanya lolote kuipata zaidi ya kuliacha neno lilipo.

Rehani ni kinyume chake. Katika Kiingereza, neno hili geni husimamisha msomaji na kumlazimisha aulize mtoto anawezaje kuwekwa dhamana ya deni. Msomaji wa Kiswahili analikuta neno hilo katika matangazo ya minada: nyumba iliyowekwa rehani benki, shamba lililowekwa rehani. Wepesi wake ndio mtego. Anaweza kulisoma kwa maana ya kisheria ya leo na asione kwamba kuwekwa rehani kwa mtu kulikuwa jirani wa utumwa, katika nchi ambayo utumwa haukufutwa kisheria hadi mwaka 1922 chini ya Waingereza. Rehani aliweza kukombolewa. Lakini kama wazazi walikufa au walihama, deni lilibaki na mtoto alibaki. Neno lisilohitaji tafsiri ndilo hapa linalohitaji maelezo, na tanbihi yake ingeonekana kuwa ni matusi kwa msomaji anayelitumia kila siku.

Kuhusu washenzi, hali ni nyeti zaidi. Wasafiri wa pwani katika riwaya wanawaita hivyo watu wa bara. Katika Kiingereza neno lina ulinzi: ni la wahusika, si la mwandishi, na ugeni wake unamweka msomaji kando ya dharau. Katika Kiswahili ulinzi huo umeondoka. Mwanafunzi wa Tabora au Kigoma analikuta neno hilo katika lugha yake ya taifa, likisemwa juu ya babu zake, bila kitu chochote kati yake na msemaji. Riwaya kwa jumla inaiumbua dharau hiyo. Wasafiri wenyewe hurudi wamechakaa na kuporwa. Lakini msomaji huhisi tusi kwanza na kuona kejeli baadaye, ilhali kwa Kiingereza kejeli hutangulia. Hadithi ya ukuta wa Dhulkarnaini ambayo wahusika huisimulia inaongeza jambo. Kiingereza kina jina moja la kale kwa mataifa yaliyofungiwa nyuma ya ukuta huo. Kiswahili kina mawili: Yajuj na Majuj ya Kurani, na Gogu na Magogu ya Biblia. Mfasiri anapochagua moja amekwisha kuchagua jamii ambayo sentensi itasemwa ndani yake.

6.0 Chatu, Kalasinga na Kiswahili kilichotangulia

Safari kubwa ya Aziz inaangamia Marungu, kwa mtawala aitwaye Chatu, anayewapora mali yote. Mkalimani wa msafara anaitwa Nyundo. Katika Kiingereza hayo ni majina tu. Katika Kiswahili, msafara umemezwa na joka lisilotafuna, na maneno kati ya pande mbili yamepitishwa chini ya nyundo. Inawezekana kwamba msomaji wa Kiswahili anasukumwa hapa kupita kiasi: majina yanapoanza kusema, mtawala wa bara huelekea kuwa mnyama wa ngano, na hoja zake juu ya wageni waliokuja kabla na kuwadhulumu watu wake husikika kwa sauti ndogo. Katika Kiingereza Chatu ni mwanasiasa.

Sehemu hii ya riwaya, aidha, si ugeni katika Kiswahili. Inafuata kwa karibu maelezo ya safari ya Selemani bin Mwenye Chande, yaliyochapishwa na Carl Velten mwaka 1901 katika Safari za Wasuaheli na baadaye kufasiriwa kwa Kiingereza na Lyndon Harries mwaka 1965. Maneno yaliyoanzia katika Kiswahili yalipita katika Kijerumani na Kiingereza, yakawa riwaya, na mwaka 2022 yakarejea. Msomaji anayeishika Peponi kama kazi ya kigeni iliyoletwa kwetu hajui kwamba anasoma mwangwi wa nathari ya Kiswahili iliyotangulia, na hakuna jina katika matini litakalomwambia.

Kalasinga anastahili neno la mwisho, kwani yeye mwenyewe ni mtu wa tafsiri. Jina lake halisi ni Harbans Singh, lakini wote humwita kwa neno ambalo Kiswahili hutumia kwa Singasinga yeyote. Kiingereza kimelifanya jina la pekee. Katika Kiswahili linarudi kuwa jina la kundi, na urafiki wa wanaomwita hivyo hutiwa shaka kidogo. Ndoto yake ni kuitafsiri Kurani kwa Kiswahili. Marafiki zake wanashangaa: Kiarabu hakijui. Atatumia tafsiri ya Kiingereza, anajibu. Msomaji wa Kiingereza hucheka kwa sababu wazo ni la kipuuzi. Msomaji wa Kiswahili anayeijua historia hucheka kwa sababu nyingine, kwani tafsiri kamili ya kwanza ya Kurani kwa Kiswahili, iliyotoka mwaka 1923, ilikuwa kazi ya Godfrey Dale, kasisi wa Misheni ya Vyuo Vikuu, na Waislamu wengi walikataa kuisoma.